Mkaguzi Aliyependwa na Wote

Nchi yetu ni nzuri. Anayesema si nzuri huombwa kwa upole apite ofisi ya wilaya, akaonyeshwe uzuri wake ulipo. Mimi nimefanya kazi serikalini miaka kumi na tisa, katika Wizara ya Ujenzi na Furaha, meza ya pili kutoka dirishani. Ninayoyasimulia hapa niliyaona mwenyewe au niliambiwa na Kidawa kwa kinywa chake, na nayasimulia kwa nia njema tu, ili watu wajue kwamba serikali haikukosea popote.

Kidawa Mntambo alikaa meza ya kwanza. Alikuwa mkaguzi wa majengo. Kazi yake ilikuwa kwenda mahali panapojengwa, kugonga nguzo kwa nyundo, kuhesabu nondo, kisha kurudi ofisini na kupiga muhuri mmoja kati ya miwili: LIPANDE au LISIPANDE. Muhuri wa kwanza ulikuwa umelika ukingo kwa kutumika. Wa pili ulikuwa bado umefungwa kwenye karatasi ya dukani.

Si kwamba hakuijua kazi. Hapakuwa na mtu wizarani aliyejua zege kama yeye. Angeweza kuonja mchanga kwa ncha ya ulimi akakuambia una chumvi. Shida ilikuwa mbele ya mtu. Ukisimama mbele ya Kidawa na haja yako, mdomo wake ulisema ndiyo kabla hujamaliza sentensi. Aliniambia siku moja kwamba ile ndiyo ilimpa nafuu kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Nafuu ilidumu mpaka mwombaji alipofika getini. Baada ya hapo ndoo ilirudi kichwani, imejaa zaidi.

Mwaka ule Mkuu wa Taifa alirudi kutoka safari ya mbali akiwa na wazo jipya, nasi tulilipokea kabla hatujalisikia. Wazo lilikuwa kwamba mtumishi wa umma apimwe na wale anaowahudumia. Kila meza iliwekewa kopo lake mlangoni. Mkandarasi akishahudumiwa, alichukua harage moja kwenye bakuli lililokuwa hapo, akalitia kwenye kopo la afisa wake: jeupe kama amempenda, jeusi kama hakumpenda. Mwisho wa mwezi Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Dakta Ngoda, aliyahesabu mbele ya wote na kutoa hotuba. Mwenzetu mmoja aliuliza kama ni busara anayekaguliwa ampe alama anayemkagua. Mwenzetu huyo alipangiwa kwenda kupima kina cha maziwa ya mpakani, na sisi tuliobaki tukaelewa haraka.

Kidawa alipata meupe matupu miezi kumi na minne mfululizo. Mwezi wa kumi na tano likatokea jeusi moja.

Sisi tulicheka. Mimi mwenyewe nilikuwa na meusi kumi na moja na nilikuwa nimekula vizuri mchana ule. Lakini Kidawa hakula siku mbili. Alichukua daftari la wageni akaanza kuwapitia wote waliokuja kwake mwezi ule, watu sitini na watatu, mmoja mmoja, akikumbuka kila mmoja aliagana naye vipi. Huyu alitabasamu, lakini alitabasamu kwa mdomo tu. Yule aliangalia saa. Siku ya tatu aliomba ruhusa akawafuata majumbani, akiwaletea ndizi, akiwauliza kama kuna lolote alilowakosea. Wote walishangaa. Mwishowe akamfikia mzee mmoja aliyejenga banda la kuku, ambaye macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Mzee akasema, "Mwanangu, mimi nilichukua harage lililokuwa karibu."

Kidawa alirudi anacheka, tukadhani yameisha. Lakini tangu siku ile alianza kuwasindikiza wakandarasi mpaka kwenye bakuli.

*

Niliwahi kumuuliza alijifunzia wapi upole ule, maana nilitaka na mimi nijifunze. Alisema kwa baba yake. Baba yake hakuwa mkali. Hakupiga mtu wala kutukana. Akiudhika alinyamaza tu. Angeweza kunyamaza siku nne, akipita kati ya watoto kama anayepita kati ya viti, na hakuna aliyeambiwa kosa ni lipi. Kidawa akiwa na miaka saba alikuwa tayari anajua, kwa namna kandambili zilivyoburuzwa uani, leo ni siku ya namna gani. Alijua kuchota maji kabla hajaagizwa, kusifu mboga, kujichekesha. Baba akisema neno hata moja, nyumba ilipumua. Nikamwambia hayo ni malezi bora sana.

Wizarani tulimpenda. Mtu akiwa na mgeni, alimwachia Kidawa mafaili. Mtu akifiwa, Kidawa alishika zamu yake, na wapo waliofiwa na bibi yuleyule mara tatu. Mimi nilimpa mafaili yangu kumi na saba nilipopata mafua, na mafua yalipoisha niliona si vizuri kumnyang'anya. Hakulalamika hata mara moja. Aliomba radhi kwa kuchelewa kuyamaliza.

Tulichokijua ni kwamba alikuwa na vidonda vya tumbo na alitafuna dawa za chokaa kama karanga. Tulijua pia kwamba misuli ya mashavu ilimuuma, hivyo ikifika saa tisa alasiri aliingia msalani akajikanda uso kwa vidole. Karani wa mapokezi aliwahi kumkuta mbele ya kioo akijifunza kutamka. "Kwa leo haitawezekana," alikuwa akikiambia kioo. "Nasikitika, haitawezekana." Kisha akamwona karani, akamwomba msamaha, na karani akatumia nafasi hiyo kumwomba amchangie vyombo vya harusi.

Aliyemjua Kidawa mwingine ni binti yake Mwajabu, wa miaka kumi na saba. Kidawa alikuwa mjane, na yeye aliyekuwa asali ofisini, nyumbani alikuwa amebaki nta. Kikombe kikianguka, alifoka. Akiulizwa jambo, alijibu amefumba macho. Siku ya mahafali ya Mwajabu aliahidi kufika, na asubuhi ileile Mkurugenzi akamwomba akamshikie nafasi kwenye foleni ya benki. Alifika shuleni viti vinakusanywa. Mwajabu hakulia. Alimwambia tu, "Mama, ukiniambia unakuja, mimi nishajua huji. Sema huji, nijue moja."

Kidawa akamwahidi kwamba haitatokea tena. Ilitokea mwezi uliofuata.

*

Sasa nifike kwenye soko.

Soko la wilaya lilijengwa kwa ghorofa moja, na nguzo zake zilipigiwa hesabu ya ghorofa moja. Mkandarasi wake, Bwana Shemndolwa, alipata kibali kutoka juu cha kuongeza ghorofa mbili, kwa kuwa Mkuu wa Taifa alikuwa apite barabara ile na ilipendeza aone kitu kirefu. Kilichobaki ni muhuri wa mkaguzi.

Kidawa alikwenda Jumatatu. Aligonga nguzo ya tatu upande wa machinjio, nayo ikaitika kwa sauti ya debe. Alikwangua akakuta nondo nyembamba kama kalamu. Kwenye nguzo ya tano palikuwa na ufa, akaingiza ncha ya peni, peni ikazama mpaka kwenye kifuniko. Katika daftari lake la mfukoni, ambalo baadaye nililiona, aliandika: Lisiongezwe hata tofali.

Bwana Shemndolwa alimfuata ofisini mchana. Nilikuwepo. Watu wengi wanasema alimhonga, na huo ni uongo. Alikuja mikono mitupu. Alikaa, akavua kofia, akasema amechoka. Alieleza kwamba ana mafundi arobaini, na ujenzi ukisimamishwa itabidi awarudishe makwao. Kidawa akaanza kueleza habari za nguzo ya tatu, kwa sauti ya chini, akichanganya na samahani nyingi. Mkandarasi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilidhani wewe ni mtu wetu."

Baada ya hapo akanyamaza. Hakukasirika wala kutishia. Alitazama dirishani tu, kofia magotini, na muda ukapita. Nilimwona Kidawa anahangaika kwenye kiti. Alisogeza karatasi kulia, akairudisha kushoto. Alimuuliza kama angependa chai, na mtu yule hakujibu. Aliniambia baadaye kwamba katika ukimya ule hakuwa tena na miaka arobaini na sita, wala hakuwa mkaguzi. Alisikia kandambili uani. Mkono ukaenda wenyewe, ukapiga muhuri, na Bwana Shemndolwa akageuka akatabasamu. Kidawa akapumua. Akamsindikiza mpaka kwenye bakuli.

Alipanga kurekebisha. Hilo nataka lijulikane. Alipanga kumwambia Mkurugenzi siku ya pili, lakini siku ya pili Mheshimiwa alikuwa amefurahi sana kwa kupata kiti kipya, na Kidawa hakutaka kuwa mtu wa kumharibia. Akapanga kuandika barua. Aliiandika mara sita, kila mara akiilainisha, mpaka ya sita ilisomeka kama pongezi. Hiyo ndiyo aliyoituma. Mkurugenzi aliijibu kwa kushukuru.

Ghorofa zikapanda. Ghorofa ya juu kabisa alipangishwa Sikudhani, fundi cherehani, ambaye alisoma na Kidawa tangu darasa la kwanza na kumshonea nguo zote, hata alizovaa Kidawa kwenye msiba wa mumewe. Kidawa alimpandia huko mara tatu. Mara ya kwanza alizungumza habari za vitambaa. Mara ya pili alimwambia huku juu kuna upepo mwingi, ingefaa ahamie chini. Sikudhani alicheka, akasema upepo ndio unaowaleta wateja. Mara ya tatu Kidawa alikwenda amekusudia kusema. Lakini kusema kulikuwa na maana ya kusema pia kwamba muhuri ni wake, na akaona uso wa Sikudhani utakavyobadilika. Sikudhani alimuuliza, "Lakini pamependeza, siyo?"

"Pamependeza," Kidawa akasema. "Kwa kweli pamependeza."

Soko lilianguka Jumanne ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, bila upepo wala mvua. Nguzo ya tatu ilikwenda kwanza. Walikufa watu watatu: mchinjaji mmoja, mteja wake, na Sikudhani. Alitolewa na futi yake ya kupimia ingali shingoni.

*

Taifa lilishtuka kwa muda uliopangwa, yaani siku tatu. Siku ya nne ikaundwa Tume ya watu tisa chini ya Jaji mstaafu Kungulilo, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Kikao kilifanyika katika ukumbi wa wizara. Sisi watumishi tuliamriwa tuhudhurie tukiwa tumevaa nyuso za huzuni.

Tume ilipata taabu tangu mwanzo. Ilikuwa na fomu ya mtu aliyehongwa, na ilikuwa na fomu ya mtu asiyejua kazi. Jaji akamuuliza Kidawa alipewa nini. Kidawa akasema hakupewa kitu. Jaji akauliza, hata soda? Hata soda. Basi kwa nini alipiga muhuri? Kidawa akasema aliogopa asipendwe. Wajumbe wakatazamana, wakatafuta katika fomu zote mbili, wakaomba dakika kumi za mapumziko.

Waliporudi, Mkurugenzi Ngoda alikuwa amekaa karibu na Jaji. Wakamwekea Kidawa karatasi mezani. Ilikuwa na majengo kumi na mawili yenye nyufa, na sehemu ya saini moja tu. Moja kati ya hayo lilikuwa soko. Kumi na moja yalikuwa yamepitishwa na Mkurugenzi mwenyewe, na kila mtu ukumbini alilijua hilo, nikiwemo mimi niliyepeleka mafaili. Jaji alieleza kwa utaratibu kwamba wananchi wana huzuni, na huzuni inaisha vizuri zaidi ikiwa na jina moja. Mkurugenzi akaongeza kwamba Kidawa siku zote amekuwa mtu wa watu, na kwamba wizara nzima ingemkumbuka kwa upendo.

"Utatusaidia, dada yetu?" akauliza Jaji.

Nilimwona akitabasamu. Nakiri kwamba nilifarijika. Kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kuitika, kalamu ilikuwa mkononi. Nakumbuka nikiwaza kwamba yakishaisha haya, mafaili yangu nitampa nani.

Ndipo mume wa Sikudhani akasimama. Anaitwa Chambuso, ni fundi wa baiskeli, na Kidawa alikuwa hajamtazama tangu soko lianguke; hata mazishini alipika, aliosha vyombo, na alifagia uwanja mzima bila kutazamana naye. Chambuso hakuomba ruhusa ya Tume. Alimwambia Kidawa, "Shemeji, swali langu ni moja. Ulijua?"

 Kidawa alifungua mdomo, nikaona maneno laini yakija: kwamba ilikuwa vigumu kuwa na hakika, kwamba kila mtu alijitahidi. Aliyameza. 

"Nilijua," akasema. "Nilipanda kwake mara tatu nikijua, na sikumwambia. Niliogopa atanichukia."

Chambuso alimtazama. Nimeona watu wakichukiana maofisini miaka mingi, kwa sababu ya viti na safari, lakini chuki ile ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa haki yake. Alimtazama vile kwa muda mrefu, na Kidawa hakugeuza uso, hakutabasamu, hakumuuliza kama angependa chai. Kisha Chambuso akatoka, na hakuwahi kuzungumza naye tena mpaka leo.

Jaji akakohoa, akasogeza karatasi. Alisema pole, na sasa wamalizie.   Kidawa aliniambia baadaye kwamba kitu alichokikimbia maisha yake yote kilikuwa kimemfika pale, chote, na bado alikuwa amekaa kwenye kiti. Hakubakiwa na cha kulinda.

"Saini ya soko ni yangu," akasema. "Niandikieni hiyo peke yake, nitaweka. Hizi kumi na moja si zangu. Siwezi kuzisaini."

Jaji akadhani hakusikia vizuri. Akauliza kama ana maana kwamba atazisaini baadaye.

"Nina maana hapana."

Mwandishi wa Tume aliinua kalamu na kuuliza neno hilo liandikwe wapi, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi yake. Mkurugenzi akaniita mimi nije nimshauri mwenzangu. Nilikwenda. Nilimwambia asiwaudhi wazee. Alinitazama, macho yamejaa maji, akasema, "Nawaudhi. Nauona kila uso ninavyouudhi. Rudi ukae." Nikarudi nikakaa. Mikono yake aliikalia.

*

Haki ilitendeka. Kwa soko alipewa onyo la maandishi, kwa kuwa wema si kosa katika sheria zetu. Kwa kuikatalia Tume alifungwa miezi sita. Dakta Ngoda alipandishwa cheo akapewa wizara nzima, na majengo yale kumi na moja yakapakwa rangi nyeupe inayoziba nyufa vizuri sana. Watu wanaishi humo, na wengi hawajalalamika.

Alipotoka nilimpelekea vitu vyake vya ofisini kwenye boksi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mwajabu alinifungulia mlango. Kidawa alikuwa amekonda, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nilimwambia tumemkumbuka. Alisema asante, akaendelea kuchambua, na hakuongeza lolote la kunifurahisha. Nilikaa vibaya. Sikuwahi kukaa na Kidawa akawa hanisaidii kukaa.

Mara mlango ukabishwa. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, Mama Rehani, mwanamke mnene mwenye haraka, kibuyu cha maziwa mkononi. Alikuwa na shughuli ya mwanawe siku ya pili, watu themanini, na alitaka Kidawa ampikie pilau, kama zamani. Alikuwa ameshageuka kuondoka, maana jibu alilijua.

Kidawa alisimama. Akashika fremu ya mlango. Niliona shingo yake ikiinama upande kama ilivyokuwa ikiinama ofisini, na mdomo ukifunguka, na mkono wa Mwajabu ukisimama juu ya ungo.

"Mama Rehani," akasema, "hapana. Sitaweza."

Hakutoa sababu. Nilijua kwamba zilikuwa zimejipanga kooni, ugonjwa, safari, wageni, na kwamba alikuwa anazizuia kwa meno. Aliushika ubao ule wa mlango mpaka kucha zikawa nyeupe, akingoja.

Mama Rehani alihamisha kibuyu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Haya," akasema. "Ngoja nimwone Bi Mwanawima."

Akaenda zake. Tulimsikia nje akimsalimu mtu, akicheka jambo jingine kabisa.

Kidawa aliurudisha mlango. Alibaki amesimama akiuelekea, mgongo kwetu, kama mtu anayesubiri sehemu iliyobaki. Hapakuwa na sehemu iliyobaki. Taratibu akachuchumaa, akaweka paji la uso kwenye mbao, akaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, na katikati ya kilio akawa anarudia neno lile moja la Mama Rehani, haya, haya, kama anayeuliza ndilo hili tu, miaka yote ni hili tu, na Sikudhani yuko chini ya udongo.

Nilitaka kumwambia neno la kumtuliza. Mwajabu aliweka kidole mdomoni, akanifungulia mlango wa uani.